Kobe, Chui na Jiwe la Bwawani

Ugumu wa kumtungia mtoto hadithi ya kobe mvumilivu ni kwamba kobe hafanyi kitu. Fisi huiba, sungura hutoroka, nyani huruka matawi. Kobe huingiza kichwa ndani akatulia, na msikilizaji wa miaka sita hawezi kushangilia utulivu. Ndiyo maana watunzi wengi wakifika pale kobe anapopaswa kusubiri huandika sentensi moja tu, kwamba Kobe alikuwa mvumilivu na mwenye akili nyingi, kisha hukimbilia kwenye ushindi. Mtoto ameambiwa kuna uvumilivu, lakini hakuuona.

Hadithi ifuatayo nimeitunga ili tuifungue baadaye kipande kwa kipande. Ni fupi, ya kutosha kitabu chembamba cha mtoto wa darasa la pili au la tatu. Wahusika wamepangwa upya, lakini hila iliyomo ni ya kale sana, na nitaeleza ilikopita.

*

Paukwa! Pakawa!

Hapo zamani jua liliwaka mpaka mto ukakauka. Likabaki bwawa moja tu, chini ya mwamba. Juu ya mwamba akakaa Chui.

"Bwawa hili ni langu," alisema Chui. "Anayetaka kunywa aseme kwanza: nani mzuri? Nani hodari? Nani mwenye madoa?"

Swala akasema, "Ni wewe, Bwana Chui." Akanywa.

Pundamilia akasema, "Ni wewe, Bwana Chui." Akanywa.

Akaja Kobe, taratibu, taratibu. Hakusema neno. Akainamisha kichwa anywe.

"We Kobe! Hujanisifu!" Chui akaruka, pu! Akamkamata.

Kobe akaingiza kichwa. Akaingiza miguu. Kimya.

Chui akauma, kwaru! Meno yakateleza. Kobe kimya.

Chui akaparua, kwaru kwaru! Makucha yakateleza. Kobe kimya.

Chui akambiringisha huku, akambiringisha kule. Kobe kimya.

Chui akachoka. Akahema. "Kobe, wewe unaliwaje?"

Kimya.

"Nakuuliza, unaliwaje?"

Kimya.

"Niambie basi!"

Sauti ndogo ikatoka ndani ya gamba. "Bwana Chui, tangu nizaliwe sijamwona aliyenila nikiwa mkavu."

Chui akacheka. "Kumbe unalowekwa kama maharage! Nilijua. Mimi najua kila kitu."

Akamtia Kobe bwawani, penye tope, akamkanyaga kwa mguu mmoja. Akapaza sauti, "Njooni nyote! Leo Chui anakula Kobe!"

Wanyama wakaja.

"Tazameni mkia wangu!" Chui akapunga mkia. Mguu wake bado uko juu ya Kobe. Kobe akasubiri.

"Tazameni meno yangu!" Chui akapanua kinywa. Mguu wake bado uko juu ya Kobe. Kobe akasubiri.

"Tazameni madoa yangu! Hata kwapani yapo!" Chui akasimama kwa miguu ya nyuma, akainua ile ya mbele yote miwili.

Chini ya maji, tope likatikisika kidogo.

Chui akashusha mguu. Akakanyaga kitu cha mviringo. Kigumu. Kimya.

"Umelainika?"

Kimya.

"Umelainika sasa?"

Kimya.

"Ndivyo alivyo huyu," Chui akawaambia wanyama. "Hajibu mpaka aulizwe mara tatu. Haya, umelainika?"

Kimya.

"Basi nakula hivyo hivyo!" Chui akatia kinywa majini, akauma kwa nguvu zake zote.

KWAA!

Lilikuwa jiwe.

"Jino langu!" Chui akashika shavu. Swala akacheka. Pundamilia akacheka. Hata chura akacheka. Chui akaondoka, na safari hii hakujisifu.

Upande wa pili wa bwawa kikachomoza kichwa kidogo. Kobe akanywa maji, taratibu, taratibu, mpaka kiu ikamwisha.

*

Tuanze na kile kimya. Kinatokea mara tatu Chui akiuma, akiparua na akibiringisha, na mtoto anakiona kama ukaidi wa kuchekesha tu. Baadaye kinarudi mara nyingine tatu, ila sasa aliyenyamaza ni jiwe. Kama Kobe angekuwa msemaji tangu mwanzo, akilia na kuomba msamaha, jiwe lisingeweza kumdanganya mtu. Chui angeuliza, asingejibiwa, angetazama chini. Kwa kuwa Kobe amemzoesha kutojibiwa, Chui mwenyewe ndiye anayewaeleza wanyama kwa nini hakuna jibu. Huo ndio uvumilivu unaoonekana: muda wote ambao Kobe alitulia ndani ya gamba alikuwa akijenga kitu, na mtoto anakigundua kwa kuchelewa. Mtunzi anayetaka kujua kama amefaulu aifute mistari ya kimya cha mwanzo, kisha asome mwisho. Kama mwisho bado unasimama bila hiyo mistari, basi subira haikuwa na kazi yoyote ndani ya hadithi na ilikuwa pambo.

Jambo la pili ni mguu wa Chui. Katika hadithi nyingi za aina hii, majigambo ya mnyama mkubwa hayahusiani na kushindwa kwake. Anajisifu ukurasa wa kwanza, anashindwa ukurasa wa mwisho, na katikati kobe amebuni ujanja ambao ungemnasa hata chui mnyenyekevu. Msomaji mdogo hawezi kulalamika kwa maneno, lakini ataiona hadithi imelegea. Hapa mguu unainuka kwa sababu moja tu, kwamba Chui anataka watu waone madoa ya kwapani. Kobe hakumwinua. Hakumwambia hata atazame juu. Alichofanya ni kungoja mkia upite, meno yapite, na kutojaribu kutoroka kabla ya wakati. Ile sentensi ya "mguu wake bado uko juu ya Kobe" ndiyo moyo wa hadithi nzima, ingawa haina neno hata moja la sifa. Inamlazimisha mtoto aangalie mguu badala ya kumwangalia Chui, na ikirudiwa mara ya pili utawasikia baadhi yao wakianza kunong'ona kwamba bado, bado.

Kwa nini mara tatu? Mara ya kwanza mtoto anajifunza mchezo, mara ya pili anahakikisha kwamba ameuelewa, mara ya tatu mchezo unavunjika mbele yake. Ukifanya mara mbili, hana muda wa kubashiri. Ukifanya mara tano, atabashiri halafu atachoka.

Sasa ile kauli ya Kobe. Wazazi wengi hawaipendi hadithi ambayo mshindi ameshinda kwa uongo, na wana haki ya kuuliza. Lakini msome tena Kobe kwa makini: amesema kwamba hajamwona aliyemla akiwa mkavu. Ni kweli tupu. Hajawahi kuliwa mkavu, wala mbichi, wala kwa namna nyingine yoyote, la sivyo asingekuwepo hapo kuzungumza. Habari ya kuloweka maharage aliitoa Chui kichwani mwake mwenyewe, kwa sababu mjuzi wa kila kitu hawezi kuvumilia sentensi isiyo na mwisho, lazima aimalizie. Mtoto wa darasa la kwanza atapitiliza hapo. Mwenye miaka minane au tisa, akirudia kusoma, huenda akasimama akacheka peke yake. Kwa maoni yangu kicheko hicho cha pili ndicho kinachofanya kitabu kirudiwe mpaka jalada likatoka. Mtunzi akimpa Kobe uongo wa wazi, kwa mfano kwamba gamba lake huyeyuka kwa maji, hadithi inaendelea kufanya kazi, ila imepoteza chumba chake cha ndani.

Hila yenyewe, ya kumfanya mkamataji apeleke mateka majini, imesafiri sana. Mwaka 1870 mmisionari Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa askofu, alichapisha London mkusanyo wa hadithi alizosimuliwa Zanzibar, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Mojawapo inamhusu Sungura anayeiba asali ya Simba na kuwaponza wenzake. Kobe anakamatwa, na Simba hajui atalilaje gamba lile. Anaelekezwa amtie Kobe kwenye tope na kumsugua mpaka gamba litoke. Anasugua, Kobe anateleza na kwenda zake, na Simba anaendelea kulisugua jiwe mpaka ngozi ya viganja vyake inachubuka. George Bateman alizisimulia upya hadithi za Zanzibar katika kitabu kilichotoka Chicago mwaka 1901, na hiyo imo. Kwa hiyo jiwe la bwawani si langu, nimelirithi. Kilicho tofauti ni kwamba Simba wa Zanzibar anapumbazwa na uroho na kutojua, ilhali Chui wetu anapumbazwa na kujisifu, na ndiyo maana ilibidi mguu uinuke.

Nje ya pwani yetu hila hii ina ndugu wengi. Huko Ufilipino kobe aliyekamatwa na tumbili anamsihi amfanyie lolote lile ila asimtupe majini, na tumbili anamtupa huko huko kwa furaha. Hadithi hiyo iliandikwa na José Rizal, mwandishi na shujaa wa taifa hilo, na kuchapishwa London mwaka 1889. Katika jimbo la Georgia, Marekani, hadithi za watu waliokuwa watumwa zilikusanywa na Joel Chandler Harris katika kitabu cha mwaka 1880. Humo Mbweha anamshika Kobe mkia chini ya maji, na Kobe anampigia kelele aachie huo mzizi amshike yeye. Mbweha anaachia. Hatuhitaji kubishana nani alimwiga nani. Wanyama wenye gamba wanaoishi karibu na maji wapo karibu kila pembe ya dunia, na mtu yeyote aliyewahi kumshika mmoja kwa mkono uliolowa anajua jinsi anavyoponyoka.

Lakini kwa nini Chui, na si Simba? Mpinzani mkubwa katika hadithi zetu za pwani na za nyika ni Simba, na Fisi akimfuata. Chui anatawala hadithi za msituni zaidi. Katika misitu minene ya Kongo simba hawapo, na kiti cha enzi kiko kwa chui. Ngozi yake ilikuwa vazi la wakubwa, Mobutu alivaa kofia yake mpaka ikawa alama yake, na timu ya taifa iliyokwenda Kombe la Dunia mwaka 1974 iliitwa Chui. Katika masimulizi ya Waluba ndiye mwenye nguvu anayechezewa na Kabundi, mnyama mdogo mjanja. Kwa hadithi ya majigambo chui anafaa kuliko simba kwa sababu moja nyepesi: simba ni wa rangi moja, chui ana cha kuonyesha. Mchoraji anapata kazi, na msomaji anapata kisa cha kwapani.

Kuna kosa moja ambalo huyaua matoleo mengi ya hadithi za mtoni. Mtunzi anamfanya chui aogope maji, au azame kwa kuwa hajui kuogelea. Chui anaogelea vizuri. Anapanda miti na mawindo mdomoni, anavuka mito, na mtoto anayeishi karibu na hifadhi anaweza kulijua hilo kabla ya mwalimu wake. Ushindi uliojengwa juu ya chui asiyejua maji unabomoka kwa swali moja. Vilevile asiuawe. Hadithi fupi ya watoto wadogo inayomalizika kwa maiti inabadilika kuwa kisasi, na kicheko kinakatika. Jino linatosha.

Kobe naye anahitaji kuchaguliwa. Wa nchi kavu, yule mwenye gamba lililoinuka kama kuba na miguu minene kama nguzo, hawezi kuteleza chini ya tope na kutokea ng'ambo ya bwawa. Aliyemo humu ni kobe wa majini, wa wale wanaoishi kwenye madimbwi na mito ya Afrika kusini mwa Sahara. Gamba lake ni bapa, vidole vya miguu vina utando, na anaweza kukaa chini ya maji bila kuvuta pumzi kwa muda mrefu. Maji yakikauka hujifukia topeni akasubiri mvua, kwa hiyo kumkuta kwenye bwawa la mwisho la kiangazi si jambo la kubuni. Ana tabia nyingine ambayo mchoraji aitunze: wengi wao hawarudishi kichwa moja kwa moja nyuma, wanaikunja shingo pembeni, chini ya ukingo wa gamba. Picha ya kobe aliyekunja shingo upande, jicho moja likichungulia mguu wa Chui, ina ucheshi ambao maneno hayaufikii.

Gamba lenyewe ni mfupa. Mbavu na uti wa mgongo vimeungana nalo, halilainiki wala halivuliwi, na kobe anahisi akiguswa juu yake. Nimeshawahi kuulizwa na watoto kama Kobe alikuwa ameumia Chui alipouma. Jibu la kweli ni kwamba alisikia, akavumilia.

Upande wa Chui, wachoraji wengi hukosea kwa kumchora duma. Duma ana madoa meusi yaliyojaa, na mistari miwili myeusi inayoshuka kutoka machoni hadi mdomoni. Madoa ya chui mgongoni na ubavuni yamekaa kama maua, duara jeusi lililovunjika na katikati lina rangi ya hudhurungi, na hana ile mistari ya machozi. Kwa hadithi nyingine kosa hilo lingesameheka. Hii nzima inategemea madoa.

Upo pia uamuzi wa kurasa, ambao mtunzi mara nyingi humwachia mchapishaji na kujuta baadaye. Kitabu kidogo cha kushonwa kwa pini hutokana na karatasi zilizokunjwa katikati, kila karatasi ikitoa kurasa nne, kwa hiyo hesabu yake huenda kwa nne: kurasa 16, 20, 24. Kwenye kurasa 16, ukitoa ukurasa wa jina la kitabu, wa taarifa za uchapishaji na mwingine mmoja au miwili, hadithi inabakiwa na kama 12. Swali si tu maneno mangapi yaingie kila ukurasa. Swali ni wapi msomaji ageuze. Katika hadithi hii mgeuzo mmoja una thamani kuliko mingine yote: Chui amefungua kinywa na kukitia majini, ukurasa unaisha. Ukigeuza ndipo unakutana na KWAA! peke yake, herufi kubwa, na jiwe. Mhariri akiyabana matukio hayo mawili kwenye kurasa zinazotazamana, jicho la mtoto litaliona jiwe kabla sikio halijafika hapo.

Jiwe linataka uangalifu mwingine. Maandishi hayalitaji kabla ya kuumwa, na hayapaswi, lakini msomaji asihisi kwamba limeanguka kutoka mbinguni. Kazi hiyo apewe mchoraji. Kwenye picha ya kwanza, Chui akiwa mwambani, pawepo mawe matatu manne ya mviringo kando ya bwawa, moja likiwa na ukubwa wa Kobe hasa. Mtoto asiyejua kusoma bado ndiye atakayekuwa wa kwanza kuligundua kitabu kikirudiwa.

Anayesimulia kwa mdomo, bila kitabu, hana picha wala mgeuzo wa ukurasa. Ana kimya chenyewe. Neno "kimya" lisisemwe haraka. Litamkwe polepole, kisha msimulizi anyamaze kweli, pumzi moja ya mwanzo, mbili za baadaye, na kwa jiwe tatu. Watoto wataanza kulijibu wao wenyewe. Chui apewe sauti pana na ya kujinata, Kobe sauti nyembamba inayotoka kana kwamba mdomo uko ndani ya chungu, na aisikike mara moja tu katika hadithi nzima. Ukimwongezea Kobe maneno mwishoni, hata ya kumcheka Chui, umemvua gamba ambalo meno hayakuweza.

Mwishowe, ile sentensi ya "hadithi hii inatufundisha". Baadhi ya walimu huitaka, na baadhi ya wahariri huiongeza bila kumwuliza mtunzi. Badala yake mwalimu anaweza kuuliza maswali mawili. Kwanza, Kobe aliondoka lini hasa? Watakaojibu kwamba ni Chui alipoinua miguu wamefuata. Watakaojibu kwamba ni kwa sababu Kobe ni mjanja wasomewe tena, kuanzia kwenye mkia. La pili ni je, Kobe alimdanganya Chui? Hapo mwalimu akae, awaache wabishane, na kitabu kibaki wazi kwenye ukurasa wenye ile sauti ndogo.